Kache ya prosesa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupata, kukosa na wastani wa muda

Maswali haya yote yanazunguka programu moja fupi, ambayo nimeichagua kwa sababu inaonyesha jambo ambalo wengi hulipita haraka: kache ileile, yenye ukubwa uleule, inaweza kuhudumia vizuri sana au isihudumie kabisa, kutegemea tu anwani za data zinaangukia wapi. Programu yenyewe inazidisha safu mbili, kipengele kwa kipengele, na kujumlisha.

```c
int a[8192], b[8192];
long jumla = 0;
for (int i = 0; i < 8192; i++)
    jumla += (long)a[i] * b[i];
```

Kila `int` ni baiti 4, kwa hiyo kila safu ina baiti 32,768, yaani kilobaiti 32. Tuchukulie kwamba `b` inaanza pale `a` inapoishia. Vigezo `i` na `jumla` vinakaa ndani ya rejista za prosesa, hivyo havitatusumbua. Kinachobaki ni usomaji 16,384: nusu kutoka `a`, nusu kutoka `b`, kwa zamu.

Kache ni nini hasa, na inatofautianaje na RAM?

Ni kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyo ndani ya chipu ya prosesa, inayotunza nakala za sehemu za kumbukumbu kuu, yaani RAM, zilizotumika karibuni. Wengine huiita akiba. Hapa nitatumia neno kache. Maurice Wilkes wa Cambridge alilieleza wazo hili mwaka 1965, na IBM ikaliingiza kwenye mashine ya System/360 Model 85 iliyotangazwa mwaka 1968. Programu haiombi kitu kutoka kwenye kache. Inataja anwani ya kumbukumbu kuu kama kawaida, nayo maunzi hukagua kwanza kama nakala ipo. Ikiwepo tunasema prosesa imepata. Isipokuwepo, imekosa, na lazima data ifuatwe mbali.

Katika mfano wetu tutasema kukagua kache na kupata kunachukua nanosekunde 1, na kwenda kumbukumbu kuu kunaongeza nanosekunde 80. Namba hizi nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu, ila uwiano wake haujapotoka mbali na mashine za leo.

Kwa nini kache ndogo namna hiyo isaidie, wakati data ni kubwa kuliko yenyewe?

Kwa sababu programu hazirukiruki ovyo kwenye kumbukumbu. Zina tabia mbili. Ya kwanza ni ujirani wa wakati: kilichoguswa sasa hivi huenda kikaguswa tena punde, kama vile maagizo ya mzunguko wa `for`. Ya pili ni ujirani wa mahali: ukigusa anwani moja, huenda punde ukagusa za pembeni yake. Ndiyo maana kache haileti baiti moja moja. Inaleta bloku nzima, na kwenye prosesa nyingi za sasa bloku ni baiti 64.

Tazama safu `a`. Bloku moja ya baiti 64 inabeba vipengele 16. Ukisoma `a[0]` unakosa, bloku inaletwa, na `a[1]` hadi `a[15]` zimeshakuja nayo. Katika kila usomaji 16 unakosa mara 1 na kupata mara 15. Kiwango cha kupata ni 15/16, yaani asilimia 93.75, na kiwango cha kukosa ni asilimia 6.25.

Angalia kwamba hakuna kipengele kilichosomwa mara mbili. Faida yote hiyo imetokana na ujirani wa mahali peke yake. Ujirani wa wakati kwa data hii haupo, mpaka tuendeshe mzunguko wote upya, na huko tutafika.

Basi jibu ni asilimia 93.75, tumemaliza?

Hapana. Hesabu hiyo imedhani kimyakimya kwamba bloku ikishaletwa itabaki hadi vipengele vyake vyote 16 visomwe. Kama itabaki au haitabaki, hilo linaamuliwa na upangaji: sheria inayosema bloku fulani inaruhusiwa kukaa wapi ndani ya kache.

Upangaji wa moja kwa moja unafanyaje kazi?

Kila bloku ina mahali pamoja tu pa kukaa. Chukua kache ya kilobaiti 32 yenye bloku za baiti 64. Ina mistari 512, yaani nafasi za kuweka bloku moja moja, maana 32,768 ukigawa kwa 64 unapata 512. Namba ya mstari ni baki ya kugawa namba ya bloku kwa 512.

```
namba ya bloku = anwani / 64      (chukua sehemu nzima)
mstari         = bloku mod 512
lebo           = bloku / 512      (chukua sehemu nzima)
```

Lebo ndiyo inayotambulisha bloku, kwa kuwa bloku nyingi mno zinagombea mstari mmoja. Prosesa inapoutazama mstari, inalinganisha lebo iliyohifadhiwa pale na lebo ya anwani inayotafutwa. Zikilingana, imepata.

Tuseme `a` inaanza kwenye anwani 65,536. Kipengele `a[100]` kiko baiti 400 mbele, yaani anwani 65,936. Gawa kwa 64: bloku ya 1,030, na kipengele kinaanzia baiti ya 16 ndani ya bloku hiyo. Baki ya 1,030 kwa 512 ni 6, kwa hiyo kinakaa mstari wa 6, na lebo yake ni 2. Maunzi hayafanyi mgawanyo wowote. Kwa kuwa 64 na 512 ni vipeo vya mbili, yanakata tu biti za anwani: 6 za chini ni nafasi ndani ya bloku, 9 zinazofuata ni mstari, na zilizobaki juu ni lebo.

Ni wapi programu yetu inaharibika?

Hapa ndipo ninapoomba ushike kalamu. `a[0]` iko anwani 65,536, ambayo ni bloku ya 1,024, na 1,024 mod 512 ni 0. `b[0]` iko kilobaiti 32 mbele, anwani 98,304, ambayo ni bloku ya 1,536, na 1,536 mod 512 pia ni 0. Zote mbili zinataka mstari wa 0, moja ikiwa na lebo 2 na nyingine lebo 3.

Fuata usomaji. `a[0]` inakosa, bloku yake inaingia mstari wa 0. `b[0]` inakosa, bloku yake inaingia mstari wa 0 na kuifukuza ya `a`. Sasa tunataka `a[1]`, iliyokuwa imeletwa pamoja na `a[0]`, lakini imeshafukuzwa. Tunakosa, tunaileta upya, na safari hii ni `b` inayofukuzwa. Kwa kuwa safu zimepishana kwa ukubwa kamili wa kache, `a[i]` na `b[i]` zitagongana kwa kila `i`, mwanzo hadi mwisho. Usomaji 16,384, kukosa 16,384. Kiwango cha kupata ni sifuri.

Wakati huohuo mistari 511 mingine haina kazi. Kache si ndogo, na ujirani wa mahali haujatoweka. Ni bloku mbili tu zinazogombea kiti kimoja.

Upangaji wa makundi unatatuaje hilo?

Badala ya kila bloku kuwa na mstari mmoja, inapewa kundi la mistari kadhaa na kuruhusiwa kukaa popote ndani ya kundi hilo. Kache yetu ikipangwa kwa makundi ya mistari miwili inakuwa na makundi 256, na namba ya kundi ni bloku mod 256. `a[0]` na `b[0]` bado zinaangukia kundi la 0, lakini sasa kuna nafasi mbili. Zinakaa pamoja kwa amani mpaka vipengele 16 vya kila upande viishe, kisha zote zinahamia kundi la 1. Kila bloku inaletwa mara moja: bloku 512 za `a` na 512 za `b`, jumla kukosa 1,024 kati ya 16,384. Asilimia 6.25 imerudi.

Gharama yake ni kwamba maunzi lazima yalinganishe lebo mbili kwa wakati mmoja na kuchagua, na kundi likijaa yaamue nani atoke. Kwa kawaida hutolewa iliyokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa, au makadirio ya hiyo.

Ukiendelea kupanua kundi mpaka kache yote iwe kundi moja, unapata upangaji huru, ambapo bloku inakaa popote. Migongano ya mahali inaisha kabisa, lakini kila utafutaji unalinganisha lebo zote, jambo ambalo kwa mistari 512 ni zito. Kwenye kache za data za ngazi ya kwanza, yaani zile prosesa inazozikagua kabla ya nyingine, utakuta sana makundi ya mistari 8: kilobaiti 32 zikiwa makundi 64, kila kundi mistari 8, kila mstari baiti 64.

Je, naweza kurekebisha bila kubadilisha mashine?

Kwa mfano huu, ndiyo. Weka baiti 64 za nafasi tupu kati ya `a` na `b`. `b[0]` inahamia bloku ya 1,537, ambayo ni mstari wa 1, na kuanzia hapo `b` inatembea mstari mmoja mbele ya `a`. Hata kwenye kache ya moja kwa moja, kukosa kunashuka kutoka 16,384 hadi 1,024.

Lakini nafasi tupu si dawa ya kila kitu, na nimeona watu wakiipaka mahali isipofaa. Chukua jedwali la `int` lenye safu mlalo 1,024 na safu wima 1,024, likisomwa kwa wima, kwenye kache ile ya makundi 64. Kutoka kipengele kimoja hadi cha chini yake ni baiti 4,096, ambazo ni bloku 64 kamili, hivyo vipengele vyote vya safu wima moja vinaangukia kundi lilelile lenye mistari 8. Ukiongeza nafasi tupu kila mwisho wa safu mlalo, bloku zitatawanyika, ni kweli. Ila safu wima moja inagusa bloku 1,024, na kache nzima ina mistari 512. Hazitoshi hata zikitawanyika. Hapo badilisha mpangilio wa mizunguko, usome kwa mlalo.

Nitajuaje kama kukosa kwangu kumetokana na mgongano au na udogo wa kache?

Mark Hill aligawa kukosa katika aina tatu, na mgawanyo huo bado ndio unaotumika. Kuna kukosa kwa mara ya kwanza, ambapo bloku haijawahi kuguswa. Kuna kukosa kwa sababu kache imejaa. Na kuna kukosa kwa mgongano, ambapo nafasi ilikuwepo kwingine lakini sheria ya upangaji ilizuia. Kuzitofautisha, fikiria kache ya ukubwa uleule yenye upangaji huru. Kukosa kunakotoweka huko ndiko kwa mgongano. Katika mfano wetu upangaji huru ungekosa mara 1,024, zote za mara ya kwanza. Zilizobaki 15,360 ni za mgongano.

Wastani wa muda wa kufikia kumbukumbu unahesabiwaje?

Kwenye vitabu utauona umeandikwa AMAT.

```
AMAT = muda wa kupata + kiwango cha kukosa × gharama ya kukosa
```

Muda wa kupata unalipwa kila mara, upate usipate, kwa sababu lazima kache ikaguliwe kwanza. Gharama ya kukosa ni muda wa ziada, unaolipwa na wanaokosa tu.

```
moja kwa moja:    1 + 1.0000 × 80 = 81 ns
makundi ya 2:     1 + 0.0625 × 80 =  6 ns
```

Zaidi ya mara kumi na tatu, kwa kache ya ukubwa uleule. Hata tukisema ulinganishaji wa lebo mbili umepandisha muda wa kupata hadi nanosekunde 1.1, tunafika 6.1 tu.

Nimeona fomula nyingine yenye kiwango cha kupata pia. Ipi ni sahihi?

Zote mbili, mradi usichanganye maana ya muda wa kukosa. Fomula ya pili inazidisha kiwango cha kupata kwa muda wa kupata, kisha inaongeza kiwango cha kukosa mara muda *wote* wa anayekosa. Anayekosa kwetu anatumia 1 + 80, yaani 81.

```
0.9375 × 1 + 0.0625 × 81 = 0.9375 + 5.0625 = 6 ns
```

Ukiweka 80 badala ya 81 unapata 5.9375, kosa dogo linaloonekana kama la kukadiria desimali. Kwenye swali la mtihani, soma kama muda uliotolewa ni wa ziada au ni wa jumla kabla ya kuchagua fomula.

Na kukiwa na ngazi mbili za kache?

Gharama ya kukosa ngazi ya kwanza sasa ni wastani wa ngazi ya pili. Tuongeze ngazi ya pili ya kilobaiti 256, yenye makundi mapana ya kutosha, inayojibu kwa nanosekunde 5. Ya kwanza ni ile ya makundi ya mistari miwili.

Tukiendesha mzunguko mara moja tu, ngazi ya pili nayo ni tupu, hivyo kila bloku inayokosekana juu inakosekana na chini.

```
1 + 0.0625 × (5 + 1.0 × 80) = 6.3125 ns
```

Imekuwa mbaya kuliko 6! Ni sahihi kabisa. Data inayopitiwa mara moja haifaidiki na ngazi ya pili. Inalipia tu ukaguzi wa ziada.

Sasa endesha mzunguko mara 10. Data yote ni kilobaiti 64: haitoshi ngazi ya kwanza, kwa hiyo huko kukosa kunabaki asilimia 6.25 kila mzunguko, lakini inatosha ngazi ya pili. Maombi yanayoshuka ngazi ya pili ni 10,240, na yanayokosa ni yale 1,024 ya mzunguko wa kwanza, yaani asilimia 10.

```
1 + 0.0625 × (5 + 0.10 × 80) = 1.8125 ns
```

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote liko hapa. Asilimia 10 ni kiwango cha ndani: kati ya maombi *yaliyofika* ngazi ya pili. Kiwango cha jumla, kati ya usomaji wote 163,840, ni asilimia 0.625. Ukiingiza cha jumla ndani ya mabano unakuwa umezidisha kwa 0.0625 mara mbili, na jibu linashuka hadi 1.34375.

Je, kiwango kikubwa cha kupata ngazi ya pili ni dalili njema?

Si lazima. Rudisha ngazi ya kwanza iwe ya moja kwa moja, ile inayokosa kila mara. Maombi yote 163,840 yanashuka chini, na yanayokosa huko ni 1,024 tu. Ngazi ya pili inajivunia kupata asilimia 99.375, kutoka 90 ya mwanzo. Lakini hesabu:

```
1 + 1.0 × (5 + 0.00625 × 80) = 6.5 ns
```

Kiwango chake kimepanda kwa sababu ngazi ya juu inaishushia maombi yaliyopaswa kuishia juu, na programu ni mara tatu na nusu polepole zaidi. Kiwango cha ndani kisomwe daima pamoja na idadi ya maombi yaliyofika.

Nikipima kwenye Linux, kwa nini sipati namba zinazolingana na hesabu?

Kipimo cha kuanzia ni hiki, ikiwa prosesa yako ina vihesabio hivyo:

```
perf stat -e L1-dcache-loads,L1-dcache-load-misses ./programu
```

Tarajia tofauti kutoka pande mbili. Prosesa za sasa hugundua kwamba unasoma kwa mfululizo na kuanza kuleta bloku zijazo kabla hujaziomba, hivyo kukosa kwa mara ya kwanza kunapungua au kunagharimu kidogo. Tena huweza kuwa na maombi kadhaa njiani kwa pamoja, kwa hiyo nanosekunde 80 za bloku moja zinaingiliana na 80 za nyingine, na muda wa programu hauwi idadi ya usomaji mara AMAT. Kusoma kwa mfululizo hufaidika zaidi na hayo mawili. Kufuata orodha iliyounganishwa kwa viashiria, ambapo anwani ya pili haijulikani mpaka ya kwanza ifike, hakufaidiki karibu kabisa, na huko ndiko utakuta kipimo chako kikikaribia hesabu ya kalamu.